Korodani imejisokota lakini dopla inaonyesha rangi: nilikosea wapi?

ZamuYaUsiku

Wakuu, leo naleta kesi yangu mwenyewe, na aliyekosea ni mimi. Nikosoeni bila kunionea haya.

Kijana wa miaka 14. Maumivu ya korodani ya kushoto yalimwamsha ghafla saa tisa usiku. Ametapika mara mbili, hana homa, mkojo haumuumi. Kafika chumba cha ultrasaundi saa mbili na nusu asubuhi, anatembea amejikunja. Fomu imeandikwa "maumivu makali ya pumbu, tuangalizieni kama korodani imejisokota".

Nikaanza na upande unaouma, maana ndio ulioniletea mgonjwa. Korodani ya kushoto imevimba kidogo, lakini nyama yake bado laini, rangi moja ya kijivu, haina madoa. Nikawasha dopla ya rangi, ndani sikuona kitu. Nikapandisha gain, vikatokea vidoti. Nikaweka kidirisha cha mawimbi kwenye kidoti kimojawapo, nikapata wimbi la ateri, linadunda kabisa. Nikashusha pumzi. Juu ya korodani palikuwa na donge la kama sentimita 3, nikaliita epididimisi iliyovimba. Upande wa kulia nikaupitia harakaharaka, mzima. Majibu nikaandika: "Mtiririko wa damu upo. Inaelekea ni maambukizi ya epididimisi."

Daktari aliyempokea hakuridhika, akaomba mwenzangu mwenye uzoefu arudie. Saa nne kasoro robo mwenzangu kaweka probu kwenye kinena, kateremka nayo mara moja tu, kasema "imejisokota, iko hapa". Saa tano wakafungua. Kamba imezunguka duara moja zima, digrii 360, korodani ya bluu. Walipoisokotoa na kuifunika kitambaa cha uvuguvugu ikarudi rangi. Wakaishona isizunguke tena, na ya upande wa pili pia.

Mtoto mzima, nashukuru. Ila swali bado linanikaba: wimbi la ateri nililiona kwa macho yangu. Lilikuwa linafanya nini mle?

DktHaraka

Pole mkuu. Ila kanuni ni nyepesi: hakuna rangi, imejisokota, rangi ipo, haijajisokota. Yawezekana wakati unapima ilikuwa bado, ikajisokota baadaye. Kipimo chako hakikukosea, hali ilibadilika.

KisuButu

Dokta, kijana anaumwa tangu saa tisa usiku, halafu ijisokote baada ya kipimo cha saa mbili na nusu? Mimi ni mtu wa upasuaji, picha si kazi yangu, lakini korodani zenye "rangi ipo" kwenye karatasi nimezikuta zimezunguka zaidi ya mara moja.

MamaProbu

ZamuYaUsiku, umeandika yote tunayoyahitaji, kwa hiyo nitakujibu kwa kufuata maneno yako mwenyewe.

Anza na kamba. Ndani yake zinapita ateri zinazoleta damu na vena zinazoirudisha. Ateri ina ukuta mgumu na presha kubwa; vena ina ukuta mwembamba na presha ndogo. Ukiisokota kamba kidogo, wa kwanza kubanwa ni vena. Damu inaendelea kuingia lakini haina pa kutokea, korodani inajaa, inavimba, na ateri inaanza kusukuma dhidi ya ukuta. Ukizidi kusokota, hata ateri inafunga, na hapo ndipo ile picha ya vitabuni inapotokea, korodani nyeusi haina rangi kabisa. Kati ya hatua hizo mbili kuna saa kadhaa, na mgonjwa wako alikuwa humo. Mzunguko wa digrii 360 unaweza kabisa kuacha damu kidogo ipenye. Ikifika 720 ni nadra kukuta kitu.

Sasa wimbi lako. Ateri ya korodani nzima haidundi tu. Kati ya pigo na pigo damu inaendelea kuteremka polepole, kwa hiyo chini ya kilele unaona mkia ambao haugusi mstari wa chini. Upinzani wake, yaani ile RI ambayo mashine inakuandikia, unakaa karibu na 0.6. Nikisie lako lilivyokuwa: kilele kifupi chenye ncha, halafu patupu mpaka pigo linalofuata. Mkia ukikatika hivyo, ujue damu inagonga mlango na haufunguliwi. Ukiona mkia umegeuka chini ya mstari, hapo damu inarudishwa ilikotoka. Yote mawili ni mtiririko "upo", na yote mawili ni ugonjwa.

Umehifadhi picha? Hebu kaangalie, na uangalie upande wa kulia pia.

ZamuYaUsiku

Mama, nimerudi kwenye mashine. Kushoto: kilele sentimita 9 kwa sekunde, mwisho wa pigo sifuri. RI 1.0. Kulia sikuchukua wimbi lolote. Nilikuwa naona ateri inadunda, nikaridhika.

MamaProbu

Ndiyo hiyo. Na kosa la pili liko kwenye sentensi yako, "nikapandisha gain, vikatokea vidoti". Gain ukiipandisha vya kutosha hata jiwe litaota rangi. Vidoti vingine ulivyoviona vilikuwa uchafu wa mashine, kimoja kilikuwa ateri kweli, na machoni pako vyote vikawa "damu ipo".

Mimi naanza na upande usiouma, siku zote. Mgonjwa atanung'unika, mwambie huko utafika. Kwenye korodani nzima ndipo naipanga mashine: kiboksi cha rangi kiwe kidogo katikati, Scale naishusha sentimita 3 hadi 5 kwa sekunde kwa sababu damu ya humu inatembea taratibu, Wall filter chini kabisa. Gain naipandisha mpaka skrini ianze kutapakaa chengachenga, kisha naishusha taratibu mpaka zikatike. Nikishaona mishipa ya upande mzima inaonekana vizuri, mkono unatoka kwenye vitufe. Nahamia upande wa pili bila kugusa kitu. Ukibadilisha chochote hapo katikati, umepoteza cha kulinganishia.

Baada ya hapo naweka probu kwa upana katikati ya pumbu, korodani zote mbili zionekane ndani ya picha moja, kiboksi kimoja cha rangi kimezifunika zote. Picha hiyo moja inasema kuliko nyingine kumi. Moja ina rangi kama taa, nyingine ina giza au vidoti viwili. Na huwezi kusingizia mashine, kwani mpangilio ni mmoja.

Halafu hesabu rangi iliyo ndani ya nyama tu. Inayozunguka nje kwenye gamba na ngozi isikudanganye. Korodani iliyonyongwa kwa saa nyingi, tishu zilizoizunguka huwaka moto mwekundu kwa sababu zina damu yake nyingine. Watu wameandika "maambukizi" kwa kuangalia ule moto wa nje huku ndani kumekufa.

DktHaraka

Sawa, nakubali kwa hiyo ya nusu. Lakini hizo ni kesi moja moja. Kanuni haiwezi kufutwa na kesi moja.

MamaProbu

Si moja dokta. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa vituo kadhaa vya Ulaya, watoto na vijana 919 wenye maumivu ya pumbu. Waliokutwa wamejisokota ni 208. Kati ya hao, 50 walikuwa na mtiririko wa kawaida au uliozidi kwenye dopla ya rangi. Karibu robo! Ila walipoifuata kamba yenyewe kwa picha ya kijivu, mkunjo ulionekana kwa 199 kati ya 208.

Kwa hiyo nusu ya kanuni yako naibeba. Rangi ikikosekana kabisa ndani, na upande wa pili ipo kwa mpangilio uleule, hiyo ni ya kuamini. Nusu ya pili ndiyo inayopoteza korodani za watu.

BabaWawili

Samahani wataalamu, mimi si mtu wa afya, nimeletwa huku na utafutaji. Mwanangu wa miaka 11 amekuwa na maumivu kama hayo mara tatu tangu mwaka uanze. Yanakuja ghafla, anagugumia kama nusu saa, yanapotea. Tumempeleka ultrasaundi mara mbili, zote wameandika kawaida. Je, kwa mnavyosema, inabidi nirudie kwenye mashine yenye rangi nzuri zaidi?

KisuButu

Baba, mashine haina shida. Walimpima akiwa haumwi, sivyo?

BabaWawili

Ndiyo, mara zote mbili tulifika akiwa anacheza.

KisuButu

Basi walipima korodani iliyokwisha kujisokotoa yenyewe. Zipo zinazozunguka na kurudi, kwa sababu ndani ya mfuko hazikushikwa vizuri, zinaning'inia kama ulimi wa kengele. Ikisharudi, kipimo kinakuwa kizuri, na ukipima mapema sana rangi inaweza hata kuzidi ya upande wa pili, damu inavyokimbilia pale palipokuwa pamenyimwa. Mtu asiyejua historia ataandika maambukizi.

Unachohitaji ni kumwona daktari wa upasuaji au wa njia ya mkojo, umweleze hayo mapigo matatu kama ulivyotueleza hapa. Huenda akashauri kuzishona kabla halijatokea la nne. Na likitokea kabla ya hapo, usipige simu kuomba nafasi ya kipimo. Mpeleke palipo na upasuaji saa hiyohiyo. Ndani ya saa 6 nyingi tunaziokoa. Ikifika saa 12 ni kama nusu tu. Baada ya saa 24 mara nyingi tunatoa.

BabaWawili

Nimekuelewa daktari. Nashukuru sana.

Mwanafunzi_K

Mama, hiyo ya kuifuata kamba tufundishe taratibu. Kwenye picha za darasani wanatuonyesha duara limeganda, wanasema "hiki ni kizingia". Mimi naona duara tu. Nikija kwenye mgonjwa kila kitu ni duara.

MamaProbu

Una haki ya kuchanganyikiwa, kwa sababu kizingia hakikai kwenye picha iliyoganda. Ni kitu cha kuona kikitembea.

Weka probu kwenye kinena, pale kamba inapotokeza chini ya ngozi, ukiikata kwa upana. Kamba nzima utaiona kama duara dogo lenye matundu ndani, matundu ndiyo mishipa. Sasa teremka polepole kuelekea korodani, probu ikae wima juu ya kamba muda wote. Kwenye kamba nzima matundu yanateremka nawe, yanayumba huku na huku kidogo, basi. Kwenye iliyosokotwa unafika mahali ambapo ghafla matundu yanaanza kuzungukana. Yanajipanga tabaka juu ya tabaka kama gamba la konokono, na kila ukishuka milimita chache yanazunguka kama maji yanayoingia kwenye shimo. Pandisha probu, yanazunguka kinyume. Shusha, yanarudi. Likifanya hivyo mara tatu mahali palepale, sina swali tena.

Ukiwasha rangi hapo, juu ya mkunjo mishipa inaonekana vizuri. Kwenye mkunjo wenyewe, kama haujabana kabisa, rangi nayo inazunguka duara. Chini yake inakatika au inafifia.

Na chini ya mkunjo mara nyingi kuna donge. Ni kamba na epididimisi zilizojaa damu isiyotoka. ZamuYaUsiku, lile lako la sentimita 3, ulilipima rangi?

ZamuYaUsiku

Nililipima. Lilikuwa giza. Nikadhani ni kwa sababu liko pembeni.

MamaProbu

Epididimisi yenye maambukizi inawaka. Damu inakimbilia pale kupigana, rangi inajaa hadi unapunguza gain. Donge kubwa, linauma, halafu giza? Hilo peke yake lilitosha kukurudisha kwenye kinena.

KisuButu

Mama, hapo kwenye kizingia naomba nikupinge kidogo. Nimefungua kijana kwa karatasi iliyoandikwa kizingia kwa herufi kubwa. Ndani nikakuta kamba nene imevimba, imejipinda kama nyoka, haijasokotwa hata robo. Yalikuwa maambukizi. Na mwingine ilikuwa vena zilizotanuka tu.

MamaProbu

Inatokea, sikatai. Kamba iliyopinda ukiikata kwa upana itakupa duara hapa na duara pale. Vena zilizotanuka zinafanana na mafundo ya minyoo. Tofauti ninayoitegemea ni kwamba mkunjo wa kweli una mhimili mmoja. Kila kitu kinazunguka nukta moja, na ukigeuza probu kwa urefu unaona kamba imekatika ghafla kama kitambaa kilichokamuliwa. Vena zilizotanuka mwambie ajikaze tumbo, zitajaa rangi. Kamba iliyovimba kwa maambukizi itapinda, lakini ukiifuata haikurudishii mzunguko uleule kila unapopita.

Hata hivyo nikiwa kati ya kuandika na kutoandika, naandika. Wewe ukifungua ukakuta salama, kijana ana kidonda kidogo. Nikinyamaza nami nimekosea, ana korodani moja.

KisuButu

Hapo tuko pamoja. Nifungue bure mara kadhaa kuliko kuchelewa mara moja.

DktHaraka

Kwa nini basi msiizungushe kwa mkono palepale kwenye kitanda cha ultrasaundi? Tumefundishwa kuizungusha kwenda nje, kama unafungua kitabu. Mnaangalia rangi ikirudi, mgonjwa anaenda nyumbani.

KisuButu

Ya kwenda nje ni kweli kwa nyingi, ila kama theluthi zimejisokota upande mwingine, ukizifungua kama kitabu unazidi kuzikaza. Maumivu yakizidi, geuza upande. Na nyumbani haendi. Hata rangi ikirudi, mara nyingine kumebaki nusu ya mzunguko, na kilichoisababisha hakijaondoka. Anakwenda chumba cha upasuaji vilevile, ila umemnunulia muda.

MamaProbu

Na mimi ndipo ninaposita. Nimeona watu wanazungusha, wanapima, wanazungusha tena, nusu saa inapita huku chumba cha upasuaji kiko wazi. Kama kisu kiko tayari, mimi simgusi.

KisuButu

Kama kisu kiko mbali saa mbili je?

MamaProbu

Hapo zungusha, mimi nitashika probu. Ila hilo la kisu kuwa karibu, wewe na mimi hatutaelewana leo.

Mwanafunzi_K

Swali la mwisho. Kichanga wa wiki mbili, pumbu moja imevimba. Nikipima hakuna rangi upande wowote. Ndio zote mbili?

MamaProbu

Hapana, hapo mashine ndiyo imeshindwa. Korodani ndogo kiasi hicho damu yake ni kidogo na taratibu mno, hata nzima inaweza isionyeshe kitu. Shusha Scale zaidi, jaribu dopla ya nguvu, mtulize kwanza asilie maana akilia skrini yote inakuwa rangi. Upande mzima usipotoa rangi, usiandike chochote kuhusu rangi ya upande mgonjwa. Na kizingia usikitegemee sana kwa wachanga, kwao mara nyingi kinachozunguka ni mfuko mzima wa korodani pamoja na kamba, na hauonekani kama kwa wakubwa.

KisuButu

Na wachanga lini kufungua, hilo lifungulie uzi wake. Tutagombana mpaka asubuhi.

ZamuYaUsiku

Wakuu, nimetoka kufungua tena picha zangu zote za asubuhi ile, moja moja. Picha ya saba, ile niliyoiwekea maandishi "epididimisi" na mshale. Mshale wangu umeelekea kwenye donge. Sentimita moja juu ya mshale, pembeni mwa picha, kuna tabaka tatu zimezungukana kama konokono. Nilizipiga picha mwenyewe, nikazipita. Nilikuwa natafuta rangi.